Soma Kivuli cha Pua Kabla ya Kuwasha Taa

Siku hizi mteja haingii studio mikono mitupu. Anakuja na picha kwenye simu, sura ya mtu mwingine iliyopigwa mahali pengine, na anasema: “Nataka kama hii.” Mpiga picha anaitazama, anaona upande mmoja wa uso unang'aa na mwingine una giza, anasema “huu ni mwanga wa pembeni,” kisha anasogeza taa ubavuni. Picha inatoka, na haifanani. Mteja hajui aseme nini, mpiga picha naye anaanza kulaumu taa, lenzi au rangi ya ukuta.

Mara nyingi kosa liko kwenye maelezo. “Pembeni” ni eneo kubwa sana. Taa inaweza kuwa mbele ya shavu, usawa wa sikio, au nyuma ya sikio, na pote huko watu huita pembeni. Lakini sehemu hizo tatu hutoa sura tatu ambazo hata mama mzazi angesita kuziita za mtoto mmoja. Ukitaka kuiga mwelekeo wa mwanga katika picha ya mfano, huna budi kuwa na maneno yanayotenganisha sehemu hizo, na uwe na namna ya kuzisoma usoni, kwa sababu kwenye picha taa yenyewe haionekani. Kinachoonekana ni kazi iliyofanya.

Njia ninayoiamini ni ya saa ya ukutani. Fikiria saa kubwa imelazwa sakafuni, anayepigwa picha ameketi katikati yake, na kamera iko kwenye namba 6. Ninasema namba na kurudia namba, kwa sababu ukisema “weka taa saa tatu,” mmoja atakwenda kwenye 3 na mwingine kwenye 9, kulingana na anavyosoma saa. Sema “namba 9,” na kila mtu atakwenda palepale, kushoto kwa kamera. Namba 3 iko kulia kwa kamera. Namba 12 iko nyuma kabisa ya kisogo. Kutoka namba moja hadi nyingine ni nyuzi 30, kwa hiyo ukiwahi kuambiwa “nyuzi 45 kutoka kwenye kamera,” ujue ni namba 7 na nusu, au 4 na nusu upande wa pili.

Sasa ichukue taa moja uitembeze kutoka 6 kwenda 12 kwa kupitia kushoto, huku mtu ametulia na pua yake inaelekea kwenye kamera. Tazama pua, usitazame taa. Taa ikiwa namba 6, karibu na kamera, pua haina kivuli cha upande wowote. Uso wote umejaa mwanga na unaonekana bapa. Huu ndio mwanga wa mbele, ule wa picha za pasipoti. Ukifika 7, kivuli kifupi cha pua kinatokeza upande wa kulia wa picha, kikiinama kuelekea pembe ya mdomo. Ukifika 7 na nusu au 8, na taa ikiwa juu ya macho, kivuli kile kinarefuka mpaka kinakutana na giza la shavu. Hapo panabaki pembetatu ndogo ya mwanga chini ya jicho la upande wenye kivuli. Wapiga picha huipa jina la Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi wa karne ya 17, kwa sababu sura alizochora zimeijaa. Pembetatu hiyo ni alama nzuri kuliko nyingine zote: ukiiona kwenye picha ya mfano, unajua taa iko wapi kwa makosa madogo sana.

Ukifika namba 9, pembetatu inatoweka. Mpaka wa mwanga na giza unapita juu ya mfupa wa pua na kuugawa uso nusu kwa nusu. Huu ndio mwanga wa pembeni kwa maana yake halisi, na ndio pekee ningependa tuuite hivyo bila kuongeza maelezo. Pita 9 uende 10, na nusu iliyokuwa na mwanga inaanza kuliwa na giza kutoka upande wa pua: shavu bado linang'aa, sikio linang'aa, lakini tundu la jicho limezama. Kati ya 10 na 11 kinachobaki ni ukanda tu, unaoshuka kutoka kwenye paji, ukapita mfupa wa shavu, ukafuata taya hadi kidevuni. Huo ni mwanga wa ukingo, ambao studio nyingi huuita rimu. Kadiri taa inavyozidi kurudi nyuma ndivyo ukanda unavyozidi kuwa mwembamba. Taa ikifika 12 inajificha nyuma ya kichwa, na mwanga unazunguka nywele na mabega pande zote mbili huku uso ukibaki gizani. Huu ni mwanga wa nyuma.

Hapa ndipo watu wengi wanapochanganya mambo. Mwanga wa ukingo na mwanga wa nyuma yote hutoka nyuma ya mtu, na maneno hayo hutumiwa kana kwamba ni kitu kimoja. Tofauti yake inaonekana kwa kuangalia kama pande mbili za kichwa zinalingana. Kama mstari wa mwanga uko upande mmoja tu, kwa mfano sikio la kulia na bega la kulia, taa iko kati ya 1 na 2. Kama umezunguka kichwa kizima na mabega yote mawili yana mstari wa upana uleule, kuna taa moja 12, au zimewekwa taa mbili, moja upande wa 1 na nyingine upande wa 11. Hizo mbili nazo unaweza kuzitenganisha. Taa moja iliyo 12, hasa ikiwa juu, huwasha zaidi nywele za utosini na kuacha mashavu bila kitu. Taa mbili huyagusa mashavu yote mawili, na katikati ya uso huacha mfereji wa giza unaopita puani na mdomoni.

Kabla ya kwenda mbali, tumalize habari ya kushoto na kulia, maana imeharibu kazi nyingi kuliko taa mbovu. Mtu aliye kwenye picha anatutazama, hivyo kushoto kwake ni kulia kwetu. Ukimwandikia mpiga picha “mwanga unatoka kushoto” bila kusema kushoto kwa nani, umempa nusu ya habari. Ongeza kila mara maneno mawili: “kwa kamera.” Kisha ujue kwamba picha ya mfano yenyewe inaweza kuwa imegeuzwa, hasa ikiwa imepigwa kwa kamera ya mbele ya simu, ambayo huonyesha sura kama kioo na wakati mwingine huihifadhi hivyohivyo. Tafuta maandishi kwenye nguo, au saa ya mkononi yenye namba. Kama hakuna, angalia vifungo vya shati la mwanamume: kwa kawaida vimeshonwa upande wa kulia wa mvaaji, na upande wa kushoto hulalia juu yake. Ukikuta kinyume, yamkini picha imegeuzwa. Kwa mtu anayetaka kuiga mwanga peke yake, kugeuzwa si balaa. Lakini kama anataka pia pozi, upande wa nywele na mkono ulioshika kitu, lazima aamue mapema anafuata picha ilivyo au anaigeuza kwanza.

Baada ya pua, nenda kwenye macho. Kuza picha mpaka jicho lijaze skrini. Kwenye mboni utaona nukta nyeupe, moja au zaidi: hizo ni taa zenyewe, au dirisha, zikijiakisi kwenye unyevu wa jicho. Nukta iliyo juu kushoto inasema taa iko juu, kushoto kwa kamera. Ikiwa ya mraba, ni dirisha au softiboksi. Ikiwa ya duara, mara nyingi ni mwavuli au taa ya pete. Ukiona ya pili, hafifu, chini ya mboni, kuna kitu cheupe kinachorudisha mwanga kutoka chini, yaani riflekta, meza au karatasi. Lakini jicho lina mipaka yake kama shahidi. Taa iliyo nyuma ya masikio kwa kawaida haiachi nukta kwenye mboni, kwa sababu mwanga wake haupati uso wa jicho wa kuurudisha kwenye kamera. Kwa hiyo usihesabu nukta ukadhani umehesabu taa zote. Nukta zinakueleza taa za mbele. Za nyuma zitafute kwenye masikio, taya, nywele na mabega.

Tuchukue mfano ambao kila mtu anaweza kuupata kwenye simu yake sasa hivi: mchoro wa Johannes Vermeer wa msichana mwenye hereni ya lulu, uliochorwa kama mwaka 1665 na unaohifadhiwa katika jumba la makumbusho la Mauritshuis, mjini The Hague, Uholanzi. Ni mchoro, si picha ya kamera, lakini mwanga wake ni safi kiasi kwamba wapiga picha duniani kote huufanyia mazoezi. Watu wengi wakiuiga hukosea, na wanakosea mahali palepale.

Usome kwa mpangilio ule ule. Mwili wake umeelekea kushoto kwa picha, na amegeuza kichwa kututazama kupitia bega lake la kushoto. Pua yake haielekei moja kwa moja kwetu. Imebaki imeelekea kushoto kidogo. Paji, pua na shavu la mbali vimejaa mwanga. Shavu lililo karibu nasi linaanza na mwanga na kuzama taratibu kuelekea sikioni, na lulu inaning'inia katika kivuli cha shingo. Nukta za macho ziko juu kushoto. Kilemba cha bluu kinang'aa upande wa kushoto na kuwa kizito upande wa kulia. Lulu ina tone la mwanga sehemu yake ya juu kushoto, na chini yake kuna weupe hafifu, ambao ni kola nyeupe ya nguo ikijiakisi. Sasa tafuta mstari wa mwanga kwenye ukingo wa kulia, kuanzia kilemba kwenda shingoni hadi begani. Haupo. Hakuna taa ya nyuma hapa. Upande wa kulia wa uso umetengana na giza kwa upole tu.

Haya ndiyo yanayokosewa. Mtu anaona giza nyuma na uso unaong'aa, anakumbuka picha za studio, anaongeza rimu upande wa kulia. Papo hapo inageuka kuwa picha ya tangazo, kwa sababu jicho sasa linakimbilia ukingo badala ya kubaki kwenye macho na mdomo.

Kwa makadirio yangu, dirisha la Vermeer liko kati ya namba 8 na 9, likiwa juu kidogo ya kichwa cha msichana. Wengine watashangaa: mbona namba 9 tulisema inagawa uso nusu kwa nusu? Jibu liko kwenye pua. Saa yetu inahesabu kutoka kwenye kamera, lakini kivuli kinahesabu kutoka kwenye pua. Msichana ameelekeza pua karibu na 7, kwa hiyo dirisha lililo 8 na nusu liko nyuzi kama 45 tu kutoka usoni mwake. Hili likikuingia, umemaliza nusu ya kazi yote. Taa hiyohiyo, bila kusogezwa, inakuwa ya mbele, ya pembeni au ya ukingo kutegemea mtu amegeuza kichwa wapi. Ndiyo maana maelezo yoyote ya mwanga yasiyotaja pua imeelekea namba ngapi hayajakamilika.

Kuuiga nyumbani hakuhitaji umeme. Chagua dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, na uzime taa zote za chumba, kwa sababu balbu ya darini itaweka nukta ya pili machoni na kuharibu kivuli. Mketishe mtu kama mita moja kutoka dirishani. Kamera iwekwe mahali ambapo dirisha litakuwa 8 na nusu. Mwili uelekee 9, kisha mwambie ageuze kichwa polepole kuelekea kwako, na umsimamishe kabla pua haijafika kwenye lenzi. Nyuma yake, mita moja na nusu au mbili, tundika kitambaa cheusi au cha kijani kizito. Uchunguzi wa Mauritshuis ulioanza mwaka 2018, na matokeo yake kutangazwa mwaka 2020, ulionyesha kwamba Vermeer alichora pazia la kijani nyuma ya msichana. Ule weusi tunaouona leo ni matokeo ya rangi kubadilika kwa miaka. Kitambaa kikiwa mbali na dirisha kitajizamia chenyewe, hata kama si cheusi tii.

Sasa pima. Kama sikio la karibu na kamera limejaa mwanga, dirisha liko mbele mno, kama 7. Sogeza kamera, si dirisha. Kama mpaka wa giza unapita juu ya mfupa wa pua, pua imegeuka mno kuelekea kwenye lenzi au dirisha limepita 9. Kama tundu la jicho lina giza na nukta haionekani, dirisha ni la juu sana au kidevu kimeinama. Inua kidevu kidogo. Na kama shavu la kivulini limekuwa jeusi kabisa bila umbo, weka karatasi nyeupe ya manila upande wa 4, kama mita moja kutoka usoni, kisha uirudishe nyuma mpaka shavu linaonekana kwa shida. Kwenye mchoro kazi hiyo kwa sehemu inafanywa na kola nyeupe, kwa hiyo kama mtu wako amevaa nguo nyeusi, utaihitaji zaidi karatasi.

Rimu nayo ina mahali pake, na kwa ngozi zetu ina mambo ambayo mafunzo mengi ya Ulaya na Marekani hayayasemi. Ngozi hurudisha mwanga kwa njia mbili. Sehemu ndogo inarudi kutoka juu ya ngozi, kama mng'ao, bila kubeba rangi yoyote ya ngozi. Sehemu nyingine inaingia ndani, inatawanyika, na kutoka ikiwa imechukua rangi ya mtu. Melanini inakula sehemu hii ya pili, lakini mng'ao wa juu haiugusi. Kwa hiyo kwenye ngozi nyeusi umbo la uso linachorwa zaidi na mng'ao, na mng'ao huongezeka pale mwanga unapopita kwa kuambaa, yaani unapotoka nyuma na kukwaruza shavu kuelekea kwenye kamera. Taa ndogo iliyo 1 na nusu inaweza kutoa mstari mkali kwenye taya nyeusi kuliko ulivyotarajia.

Matokeo yake ni kosa ninaloliona mara kwa mara. Uso umetoka mweusi mno, mpiga picha anaongeza nguvu ya rimu ili “kuutoa.” Mstari unaungua, unakuwa mweupe wa karatasi bila ngozi ndani yake, na uso unabaki gizani vilevile. Kinachotakiwa ni kuongeza taa ya mbele, au kuisogeza karibu, na rimu kuiacha ilivyo au kuipunguza.

Tuseme basi picha ya mfano ni ya mwanamume mwenye ngozi nyeusi, amevaa koti jeusi, nyuma ni giza. Pembetatu ya mwanga iko chini ya jicho la kulia kwa kamera. Ukingo wa kulia una mstari kutoka sikioni hadi kidevuni, na bega la kulia lina mstari juu yake. Pua inaelekea karibu kabisa na kamera. Pembetatu inasema taa kuu iko 7 na nusu, juu ya macho. Mstari wa kulia unasema taa ya pili iko upande wa pili wa saa, 1 na nusu, karibu mkabala kabisa na ile ya kwanza. Bega limeguswa kwa juu, hivyo taa hiyo ni ya juu kuliko kichwa. Kama bega lingekuwa na giza na chini ya taya pakang'aa, ingekuwa imewekwa chini.

Weka taa kuu kwanza, peke yake, mpaka pembetatu itokee. Usiwashe ya pili kabla ya hapo, maana utashindwa kujua ipi imefanya nini. Kisha zima taa kuu, washa ya nyuma peke yake kwenye 1 na nusu, kama mita moja na nusu kutoka kwa mtu, ielekee nyuma ya sikio. Katika giza hilo utaona mstari ukiwa uchi. Ukiwa mwembamba kuliko wa mfano, leta taa mbele kuelekea 2. Ukifunika mfupa wa shavu wakati wa mfano haufuniki, irudishe kuelekea 1. Nguvu yake ianze kwenye nusu ya ile ya taa kuu, kisha washa zote mbili na ukuze picha kwenye skrini: ndani ya mstari lazima uone vinyweleo na chembe za ngozi. Usipoviona, punguza.

Kuna dalili tatu za kuangalia kabla ya kumwachia mtu aondoke. Ya kwanza ni ncha ya pua. Taa ya ukingo ikiwa mbele mno, au mtu akigeukia upande wake, ncha ya pua inapata doa la mwanga lililotengana na shavu, na doa hilo halifichiki. Ya pili ni sikio: mwanga mkali wa nyuma hupenya gegedu lake na kulifanya liwake wekundu, jambo ambalo kwenye picha ya mfano huenda halipo. Ya tatu ni ukungu. Picha nzima ikipoteza weusi wake, kana kwamba imepakwa maziwa, taa ya nyuma inaingia moja kwa moja kwenye lenzi. Simamisha kipande cha manila nyeusi kati ya taa na lenzi, mpaka uone kivuli chake kimelala juu ya kioo cha lenzi. Ukungu utaondoka papo hapo, na mstari kwenye taya utabaki ulivyokuwa.

Nywele zinataka uangalifu wake. Nywele fupi nyeusi za kipilipili humeza mwanga wa mbele, na ni mwanga wa nyuma unaozifanya zionekane kuwa nywele, si doa jeusi. Kichwa kilichonyolewa ni kinyume: taa ya juu iliyo 12 itaacha kiraka cheupe utosini, na dawa yake ni kuishusha au kuipeleka 1. Mtandio wa satini hung'aa kwa taa ndogo sana; wa pamba huhitaji zaidi. Usitarajie picha ya mfano ya mwanamke mwenye nywele ndefu zilizolegezwa ikupe mstari uleule juu ya mtandio. Iga namba ya taa, kisha pima nguvu upya.

Wanaotegemea jua nao wana saa yao ya sakafuni, ila taa yao haisogei kwa amri. Picha nyingi za mfano zinazosambaa zimepigwa nchi za kaskazini, ambako wakati wa baridi jua hukaa chini karibu siku nzima, na mwanga wa ukingo unapatikana hata adhuhuri. Kwetu karibu na ikweta jua hupanda kiasi cha nyuzi 15 kwa saa. Likichomoza saa 12 asubuhi, saa 3 tayari liko nyuzi kama 45, na adhuhuri liko karibu utosini. Hapo si la mbele wala la pembeni wala la nyuma. Linatoka juu, linajaza matundu ya macho giza na kuwasha ncha ya pua. Mstari wa ukingo unaofuata taya unapatikana saa moja na kitu baada ya jua kuchomoza, au kabla halijazama. Forodhani, Unguja, inatazama magharibi, hivyo jioni unamweka mtu kati yako na bahari, jua likiwa 11 au 1 mgongoni kwake. Ufukwe wa Dar es Salaam unatazama mashariki, na picha hiyohiyo inabidi uiamkie alfajiri. Kwa vyovyote uso utakuwa kivulini, kwa hiyo beba manila nyeupe ishikwe upande wa 6 au 7, chini kidogo ya kifua, irudishe jua usoni.

Wewe unayepeleka picha ya mfano kwa mpiga picha, usiitume peke yake ukaandika “mwanga wa pembeni tafadhali.” Tumia dakika chache kuisoma, kisha andika chini yake kitu kama hiki: “Pua inaelekea kwenye kamera. Taa kuu kushoto kwa kamera, namba 7 na nusu, juu ya macho. Taa ya ukingo kulia kwa kamera, namba 1 na nusu, juu ya kichwa, nyembamba, isiguse pua. Nyuma giza. Hakuna karatasi ya kujazia. Picha haijageuzwa.” Mpiga picha anayejua kazi yake ataweza kuweka taa kabla hujafika.